Mgeni wa usiku au mpangaji wa mwaka? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye nyumba katikati ya Nairobi

Nina nyumba ya chumba kimoja cha kulala Kilimani, ghorofa ya sita. Nimewahi kuipangisha tupu kwa mkataba wa mwaka, nikaijaza fanicha na kupokea wageni wa siku mbili tatu, na sasa nimerudi kwenye mkataba. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa na wanachama wa chama chetu, majirani kwenye lifti, na jamaa walio ng'ambo walionunua nyumba wakiangalia picha tu. Hesabu zote ni za shilingi za Kenya. Za kodi na gharama nimezitoa kwenye daftari langu na kuzikadiria kwa namba nzima, kwa hiyo weka zako mahali pa zangu.

## Mambo ya msingi

Tofauti yenyewe ni ipi, ukiacha fanicha?

Mpangaji wa mkataba amenunua haki ya kukaa. Analipa mwezi kwa mwezi, ananunua tokeni zake za stima, analeta kitanda chake, na bomba likivuja anakupigia simu mchana. Wewe kazi yako ni kupokea kodi, kulipa ada ya jengo na ushuru, na kutengeneza kinachoharibika.

Mgeni wa muda mfupi amenunua usiku. Anataka shuka safi, maji ya moto, waifai, na mtu wa kumjibu akifika saa nane za usiku kutoka uwanja wa ndege. Watu husema "nimeiweka Airbnb" hata kama wageni wao wote wanatoka WhatsApp, lakini unachofanya hasa ni kuendesha hoteli ya chumba kimoja. Ukilishika hilo mapema, mengi ya hapa chini hayatakushangaza: serikali nayo inakuona hivyo hivyo.

Nyumba ipi inafaa wageni, na ipi bora ibaki na mpangaji?

Kwa Nairobi, "katikati" ya biashara hii si barabara ya Moi Avenue. Ni Kilimani, Westlands, Upper Hill, Kileleshwa na sehemu za Ngara. Mgeni anaangalia mambo machache: umbali wa mahali anapoenda (hospitali, ofisi, ubalozi, harusi), lifti inayofanya kazi, jenereta ya jengo, maji yasiyokatika, na maegesho.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi. Mpangaji wa mwaka akikosa maji siku mbili atanung'unika na kuchota kwenye ndoo. Mgeni aliyelipia siku mbili atataka pesa zake zote na kukuandikia maoni yatakayosomwa mwaka mzima. Kama jengo lenu linategemea mgao wa kaunti bila kisima wala tangi kubwa, usiendelee na wazo la wageni.

Nyumba ya chumba kimoja au studio huenda vizuri kwa wageni. Ya vyumba vitatu hupata familia, na familia hukaa miaka. Mimi nikiwa na ya vyumba vitatu nisingefikiria mara mbili, ningemtafuta mpangaji.

Je, jengo linaweza kunikataza?

Ndiyo, na uliza hili kabla hujanunua hata mto. Majengo mengi ya zamani yana kampuni ya usimamizi ambayo kila mwenye nyumba ana hisa ndani yake, na hati yako ya upangaji wa muda mrefu huwa na kifungu kinachosema nyumba ni ya makazi binafsi tu. Majengo yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 yana shirika la wamiliki lenye kanuni zake. Soma hati, kisha omba kumbukumbu za mkutano mkuu uliopita. Marufuku mara nyingi huanza kama malalamiko ya kelele kwenye mkutano, ndipo mwaka unaofuata hugeuka kanuni.

Hata pasipo marufuku, mlinzi wa langoni anaweza kukumaliza kimyakimya: mgeni anasimamishwa dakika arobaini kwa sababu jina lake halimo kwenye daftari. Jitambulishe, uliza utaratibu wao, na umpe jina la kila mgeni kabla hajafika.

## Hesabu

Basi ipi inalipa zaidi?

Wengi huzidisha bei ya usiku mmoja kwa 30 na kuona dhahabu. Hebu tufanye ya kwangu hatua kwa hatua.

Kwa mkataba, nyumba yangu tupu inaingiza 55,000 kwa mwezi. Ushuru wa kodi ni 4,125. Ada ya jengo nailipa mimi, 6,000. Natenga 2,000 za rangi na marekebisho, na 2,300 kwa sababu kila baada ya miaka miwili hivi nyumba hukaa wazi mwezi mmoja nikitafuta mtu. Zinabaki kama 40,500.

Kwa wageni, bei yangu ilikuwa 5,000 kwa usiku, na mwezi wa kawaida nilijaza usiku 18. Hizo ni 90,000. Sasa toa. Ada ya jukwaa, asilimia 3: 2,700. Wageni walikaa wastani wa siku tatu, kwa hiyo mara sita kwa mwezi nilimlipa dada wa usafi na kufuliwa shuka, 1,000 kila mara: 6,000. Tokeni na maji: 4,500. Intaneti, gesi na televisheni: 5,000. Sabuni, tishu, majani ya chai, maji ya kunywa: 2,500. Ada ya jengo ile ile: 6,000. Glasi, taulo zilizoharibika na ukarabati: 5,000. Ushuru wa mauzo na ada ya utalii, vyote pamoja: 4,500. Jumla ya makato ni 36,200, na mkononi zinabaki 53,800.

Bado fanicha. Niliweka 450,000, na nilizihesabu kwa miaka minne, yaani karibu 9,400 kwa mwezi. Ukizitoa unabaki na 44,400.

Tofauti ya njia mbili hizi, kwa nyumba ile ile, ni kama 3,900 kwa mwezi. Kwa pesa hizo nilikuwa naamka usiku, napigania maoni ya nyota tano na kubeba magodoro. Ile faida kubwa inayosemwa mitandaoni kwa sehemu kubwa ni mshahara wako mwenyewe ambao hujajilipa.

Nijaze usiku ngapi ili nifikie kodi ya mkataba?

Gawanya gharama mafungu mawili. Kuna zinazokuja hata nyumba ikiwa tupu: ada ya jengo, intaneti na televisheni, ukarabati, na fanicha. Kwangu hizo ni kama 25,400. Na kuna zinazokuja na mgeni: usafi, tokeni, sabuni, ada ya jukwaa, ushuru. Nikiziondoa kwenye 5,000, kila usiku uliouzwa uliniachia kama 3,880.

Ili nipate zile 40,500 za mkataba, lazima nilipie kwanza 25,400, kisha nibaki na 40,500. Jumla ni 65,900. Gawanya kwa 3,880, unapata usiku 17. Chini ya hapo, mpangaji alikuwa bora hata kabla ya kuhesabu usingizi.

Ukimpa msimamizi anayekata asilimia 20, kila usiku unapoteza 1,000 nyingine na hesabu inapanda hadi usiku 23. Mimi usiku 23 niliwahi kuuona Desemba, na Agosti moja. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atakayeshughulika na wageni, na bei ya usiku huja baada ya hapo.

Miezi gani ni mibaya?

Januari, wazi kabisa. Watu wamelipa karo na mifuko imelia. Desemba hujaza, kwa sababu walio ng'ambo wanarudi, na harusi na mazishi hayasubiri. Katikati ya mwaka kuna mikutano ya kimataifa Gigiri na watalii wanaopitia Nairobi kwenda Mara.

Usisahau siasa. Juni na Julai 2024, wakati wa maandamano, kalenda yangu ilibaki tupu ndani ya siku chache: wageni watano wakaghairi wiki moja, na jukwaa likawarudishia pesa baadhi yao. Mwaka wa uchaguzi mkuu, wenye biashara hii huanza kuona upungufu wiki kadhaa kabla ya siku ya kura. Mwenye mpangaji wa mkataba alipokea kodi ya Julai 2024 kama kawaida.

Nianze na fanicha za pesa ngapi?

Chumba kimoja cha kulala kinaweza kuanza kwa 350,000 na kinaweza kula 800,000. Pesa nyingi zitumie kwenye godoro, mapazia yanayozuia mwanga, na kifaa cha maji moto. Hapo ndipo maoni mabaya huanzia. Nunua shuka seti tatu kwa kila kitanda, si mbili: moja kitandani, moja kwa dobi, moja kabatini, kwani siku ambayo mvua inanyesha dobi hana pa kuanika. Chagua nyeupe, zinastahimili jiki.

Sofa ya kitambaa cha rangi ya krimu ni kosa. Nililifanya. Mgeni wa pili alikula mutura kwenye sofa hiyo.

## Ushuru na leseni

Kodi ya mkataba inatozwa ushuru gani?

Mkazi wa Kenya ambaye kodi zake za makazi ni kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa ushuru wa mapato ya kodi ya makazi. Tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea. Kabla ya hapo kilikuwa 10. Hakuna kutoa gharama: rangi, ada ya jengo na riba ya benki hazihesabiwi. Unawasilisha kwenye iTax kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mwezi ambao nyumba ilikuwa tupu unawasilisha sifuri. Usiache mwezi tupu bila kuwasilisha, faini huanza hapo.

Kama una mkopo mkubwa na gharama nyingi, unaweza kumwandikia Kamishna ukachagua mfumo wa kawaida wa mwaka, ambao unatoza faida. Mhasibu akufanyie hesabu zote mbili kwanza.

Je, mapato ya wageni nayatoza ile ile asilimia 7.5?

Hapana, na hapa wengi hukosea wakidhani wanalipa vizuri. Wageni wa muda mfupi ni biashara. Sheria ya VAT inasamehe nyumba za makazi lakini inatenga wazi hoteli na malazi ya likizo, ndiyo maana mauzo yako yakifikia milioni 5 kwa mwaka unapaswa kujisajili kwa VAT ya asilimia 16. Mwenye nyumba moja hafiki huko, ila mwenye tano anafika upesi.

Kando na VAT, mfanyabiashara mwenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 hulipa ushuru wa mauzo, ule unaoandikwa TOT kwenye iTax, asilimia 3 ya mauzo. Ndio niliouweka kwenye hesabu ya juu, kwa sababu 90,000 mara 12 ni 1,080,000. Mauzo yako yakibaki chini ya milioni 1, unarudi kwenye ushuru wa kawaida wa mapato juu ya faida, kwa hiyo hapo risiti za dobi na za tokeni zina thamani.

Nahitaji leseni?

Ndiyo. Malazi ya wageni yako chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na mamlaka inayosimamia ni Tourism Regulatory Authority. Usiichanganye na watoza ushuru, hao ni KRA. Kwa miaka mingi wenye nyumba ndogo waliipuuza. Januari 2024, baada ya wanawake vijana kuuawa kwenye nyumba za kukodi kwa siku jijini, mamlaka hiyo ilitoa amri kila mwenyeji ajisajili, na polisi walianza kuuliza hati. Kuna pia ada ya Tourism Fund ya asilimia 2 ya mapato, na kibali cha biashara cha Kaunti ya Nairobi.

Mwenye mkataba wa makazi hahitaji yote hayo. Hapa peke yake kuna sababu ya kutosha ya mtu asiye na muda wa makaratasi kubaki na mpangaji.

## Kazi ya kila siku

Kazi ya mwenyeji ni nyingi kiasi gani?

Nikupe usiku mmoja. Saa saba na nusu usiku, simu inalia. Mgeni wa kutoka Kampala, ameingia jioni, stima imekatika ndani tu, korido zina mwanga. Tokeni zimeisha: aliwasha kifaa cha maji moto, akasahau, akalala. Naingia M-Pesa, Lipa na M-Pesa, Paybill 888880, namba ya mita, 1,000. Ujumbe wa tokeni unakawia. Nangoja dakika kumi na mbili nikiwa nimekaa kitandani, namsomea tarakimu ishirini moja moja, anakosea, tunaanza tena. Saa nane na dakika ishirini, mwanga. Asubuhi aliandika kwamba nyumba ni nzuri "ila stima ina shida". Nyota nne.

Tangu siku hiyo sikuiacha mita ishuke chini ya yuniti 30, na kifaa cha maji moto nikakiwekea saa inayojizima. Kazi ya mwenyeji ni mambo madogo ya namna hiyo, na kila moja unalijifunza kwa kuumia.

Kwa wiki ya kawaida nilitumia kama saa sita hadi nane: kujibu ujumbe, kupanga usafi, kununua vitu, kupokea wageni wasioweza kufungua kisanduku cha funguo.

Nimtafute msimamizi?

Kama uko nje ya jiji au umeajiriwa mchana kutwa, huna njia nyingine, lakini rudi kwenye swali la usiku ngapi kabla hujatia sahihi. Kwenye mkataba wake angalia mambo mawili. La kwanza: asilimia yake anaikata kabla au baada ya gharama? Ya kabla ni kubwa zaidi kuliko inavyoonekana. La pili: akaunti ya jukwaa ni ya nani? Ikiwa ni yake, siku mkiachana anaondoka na maoni yako yote na unaanza upya kama nyumba mpya.

Kwa mpangaji wa mkataba, ajenti wa kusimamia hukata pungufu ya hapo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10 ya kodi, na wa kukutafutia mtu huomba hadi kodi ya mwezi mmoja.

Namna gani ya kuzuia sherehe na wageni wabaya?

Ishara ninazoziogopa: mtu wa Nairobi anayeomba usiku mmoja wa Jumamosi, hataki kutaja ni wangapi, na anauliza maegesho ya magari matatu. Kwa usiku mmoja tu wa Jumamosi nilikuwa siikodishi nyumba kabisa, niliweka angalau usiku mbili. Kikapungua kipato, na majirani wakaacha kunipigia.

Nakili kitambulisho au pasipoti kabla ya kuwapa namba ya kisanduku, na ukumbuke kwamba unashika taarifa za watu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu, kwa hiyo usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la wenyeji. Kamera weka nje mlangoni, ukiitaja kwenye tangazo. Ndani ya nyumba usiweke, na Airbnb yenyewe imezipiga marufuku ndani tangu Aprili 2024.

## Mpangaji wa mkataba

Asipolipa kodi nifanye nini?

Hili ndilo tundu la njia ya mkataba, na hesabu yangu ya juu haikulionyesha. Nilikuwa na mpangaji mstaarabu aliyelipa miezi kumi na nne bila kukosa, kisha akapoteza kazi. Mwezi wa kwanza nilivumilia, wa pili nikavumilia, wa tatu akaacha kupokea simu. Aliondoka baada ya miezi minne, akiwa na deni la 220,000 na dipoziti ya 55,000 mkononi mwangu. Nilipoteza 165,000, ambayo kwa ile tofauti ya 3,900 ni faida ya wageni ya zaidi ya miaka mitatu.

Usifunge mlango kwa kufuli lako, usikate maji, usitoe vyombo nje. Bila amri ya korti unageuka wewe mshtakiwa. Njia ya sheria ni notisi ya maandishi, kisha korti, au kukamata mali chini ya Sheria ya Ukamataji kwa Ajili ya Kodi, kupitia dalali wa mnada mwenye leseni. Mahakama ya Kodi ya nyumba haikuhusu, kwani inashughulikia nyumba za makazi za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na Kilimani hakuna hiyo. Kinachosaidia zaidi ni kuandika notisi siku ya kumi ya kuchelewa, kila mara, hata kwa mtu unayempenda. Mimi niliona haya, na haya ile ilinigharimu miezi miwili.

Dipoziti iwe ya miezi mingapi, na nairudishaje?

Kwa nyumba tupu mwezi mmoja ni kawaida, na kwa yenye fanicha miezi miwili. Siku ya kuingia pigeni picha za kila ukuta na kila kifaa mkiwa wote wawili, muandike namba ya mita, mtie sahihi. Ugomvi wa dipoziti karibu wote ni ugomvi wa "alama hii ilikuwepo". Rangi iliyofifia kwa miaka miwili ni uchakavu wa kawaida, si mali ya kukatwa.

## Hali za pembeni

Kuna njia ya katikati?

Ipo, na ndiyo ningeijaribu kwanza kama ningeanza leo: nyumba yenye fanicha kwa miezi mitatu hadi sita. Wanaoitafuta ni washauri wa mashirika, madaktari wanaokuja mafunzoni, familia inayojenga Ruaka na inangoja nyumba iishe, na walio ng'ambo waliorudi kutazama kama wanaweza kuishi huku tena. Nyumba yangu ingetoka kwa kama 85,000 hivi ikiwa na intaneti, usafi mmoja kwa wiki, na tokeni zao wenyewe. Mabadiliko ya wageni ni mawili hadi manne kwa mwaka badala ya sabini. Udhaifu wake ni pengo: mteja akiondoka, wa miezi mitatu anayefuata huchukua wiki kupatikana, na katika pengo hilo huwezi kujaza wageni wa siku bila leseni na utaratibu wote ulioelezwa juu.

Mpangaji wangu anataka kuiweka Airbnb yeye mwenyewe. Nikubali?

Atakuahidi kodi ya juu kidogo na miezi sita mbele. Hatari ni kwamba jengo linakujua wewe, si yeye, na faini za kanuni zinakuja kwako. Ukikubali, iandikwe: leseni ni ya kwake na unaona nakala, bima ni ya kwake, idadi ya juu ya wageni, na haki yako ya kumaliza mkataba akipata malalamiko matatu ya maandishi. Na kama hukukubali, weka kifungu cha kukataza kupangisha kwa mtu mwingine, kisha tafuta jengo lako kwenye jukwaa mara moja kila mwezi. Mimi nilimtambua jirani mmoja kwa pazia lake.

Mgeni amekaa miezi miwili na sasa hataki kutoka. Ni mpangaji?

Hapo unaweza kujikuta ukibishana mahakamani juu ya jambo hilo hilo, na ndiyo sababu ya kuepuka kuongeza muda kwa ujumbe mfupi tu. Kila nyongeza iwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha kwa maandishi, ikisema ni ruhusa ya kukaa kama mgeni. Ukiona mtu ameanza kuleta sufuria zake na anapokea barua hapo, mpe mkataba wa kweli wa makazi au umwambie tarehe yake imefika.

Naishi ng'ambo. Ushuru ni ule ule?

Hapana. Ile asilimia 7.5 ni ya wakazi. Ukihesabiwa si mkazi, anayekulipa kodi au ajenti wako anatakiwa kukata asilimia 30 na kuipeleka KRA. Ukazi haufuati pasipoti peke yake, unategemea kama una makao Kenya na siku ulizokaa nchini, kwa hiyo thibitisha hali yako kabla ajenti hajaanza kukutumia pesa. Na mbali na ushuru, kwa mtu aliye Doha au Boston, wageni wa siku bila ndugu wa kuaminika karibu ni kazi ya mtu mwingine kwa pesa yako.

Bima na mkopo wa benki vinajua ninachofanya?

Bima ya nyumba ya kawaida imeandikwa kwa makazi. Mgeni anayelipa akiacha jiko linawaka, kampuni ina sababu ya kukataa, kwa hiyo ulizia bima ya malazi ya biashara na uingize gharama yake kwenye hesabu. Mkataba wa mkopo nao mara nyingi unataja matumizi ya nyumba. Usome kifungu hicho kabla benki haijakisoma.

Nikitaka kuacha wageni nirudi kwenye mkataba, nifanyeje na fanicha?

Funga kalenda miezi miwili mbele ili usighairi oda za watu, kisha tangaza nyumba pamoja na fanicha kwa wiki tatu. Mimi nilipata mtu wa 68,000, bila intaneti. Wengi, hata hivyo, wana vyombo vyao na watataka tupu. Hapo uza mapema, na uanze na friji na mashine ya kufua, kwani huenda siku hiyo hiyo. Sofa ile ya krimu nilimpa dada wa usafi. Aliifua.